Jumla iko sawa, lakini mistari mitatu ina makosa

Barua

Shikamoo mshauri. Mimi ni mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha kuchakata sangara hapa Mwanza. Mkataba wangu unasema nafanya kazi siku sita kwa wiki, saa 45, na mshahara wa msingi ni shilingi 585,000. Nalipwa pia posho ya nyumba 90,000 na ya usafiri 60,000. Mwezi uliopita boti za kukusanya samaki visiwani zilichelewa mara nyingi, tukawa tunabaki kiwandani hadi usiku, nami nikafanya saa 20 za ziada. Hati yangu ya mshahara inaonyesha ovataimu 75,000 na jumla ya mapato 810,000. Makato ni NSSF 81,000, PAYE 80,500, WCF 4,050 na Saccos 30,000. Nimepokea 614,450.

Mwezi wa kabla ya huo sikufanya ovataimu hata saa moja, na nilipokea 564,825. Maana yake saa zote zile zimeniongezea 49,625 tu. Wenzangu wanasema ovataimu imenipandisha kwenye asilimia 25 ya kodi, kwa hiyo serikali imekula jasho langu. Nimejumlisha hati kwa kikokotoo mara mbili na jumla iko sawa. Afisa utumishi naye ananiambia mfumo wa kompyuta haukosei. Je, niache kufanya ovataimu?

Mkaguzi wa ubora, Ilemela

Jibu

Marahaba, binti yangu. Ukiwapima samaki kumi kwenye mzani mbovu kisha ukajumlisha kilo zao kwa uangalifu, utapata jumla sahihi ya vipimo vibovu. Ndivyo ilivyo hati yako. Kikokotoo kimethibitisha kwamba kompyuta inajua kujumlisha na kutoa, jambo ambalo hakuna aliyelitilia shaka, lakini hakijathibitisha kwamba namba zilizoingizwa ndizo zilizotakiwa kuingizwa. Hati ya mshahara hukaguliwa kwa kuweka pembeni namba zake zote, kisha kuzaa upya kila mstari kutoka chini: kwanza mkataba, halafu daftari la mahudhurio, halafu sheria. Mstari wako ukitofautiana na wao, usiishie kusema kwamba haifanani. Tafuta hesabu iliyozaa namba yao, kwa sababu ukiijua hiyo utakuwa umelijua kosa lenyewe, na mhasibu wa mishahara hatakuwa na la kukuambia zaidi ya kulirekebisha. Nimekaa kwenye dawati la mishahara kwa miaka mingi, na nakuhakikishia kwamba mfumo hutii kile ulichoelekezwa na mtu aliyeuandaa, hata kama mtu huyo alikosea.

Mshahara wa msingi na posho mbili havihitaji maelezo marefu, kwa kuwa vinalingana na mkataba wako. Kumbuka tu kwamba posho inayolipwa kwa fedha taslimu kila mwezi, iwe ya nyumba au ya usafiri, inaingia kwenye mapato yanayotozwa kodi. Wafanyakazi wengi hudhani posho ya nauli haikatwi kodi, wakaanzisha ugomvi mahali ambapo hawana haki, na hoja zao za kweli zikapuuzwa pamoja na hiyo isiyo ya kweli.

Tuje kwenye ovataimu, maana kosa la kwanza limejificha hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa moja. Posho haziingii katika hesabu hii. Unatumia 585,000 peke yake. Swali ni moja tu: mshahara wa mwezi unagawanywa kwa saa ngapi ili upate wa saa moja? Jedwali la sheria hiyo linaelekeza mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333, yaani idadi ya wiki katika mwezi, ili kupata wa wiki, kisha wa wiki ugawanywe kwa saa za kawaida za wiki. Saa zako ni 45, na 45 mara 4.333 ni 195 ukiondoa vipande vidogo vya desimali. Shilingi 585,000 gawanya kwa 195 ni 3,000. Mara moja na nusu ya 3,000 ni 4,500, na 4,500 mara saa 20 ni 90,000. Hati yako ina 75,000.

Sasa tuitafute hesabu yao. Gawanya 75,000 kwa 20, unapata 3,750 kwa kila saa ya ziada. Gawanya 3,750 kwa moja na nusu, unapata 2,500 kwa saa ya kawaida. Gawanya 585,000 kwa 2,500, unapata 234. Namba 234 ni siku 26 za kazi mara saa 9. Hapo kosa limejianika lenyewe. Mtu aliyepanga hesabu hiyo alijua kwamba sheria inaruhusu siku ya kazi ifike saa 9, na alijua pia kwamba ninyi mnafanya kazi siku 26 kwa mwezi, akazizidisha namba hizo mbili bila kukumbuka kwamba saa 9 ni kikomo cha siku moja na saa 45 ni kikomo cha wiki nzima. Anayefanya kazi saa 9 kwa siku anafikisha 45 katika siku tano. Ninyi wa siku sita mnafanya saa saba na nusu kwa siku, na saa saba na nusu mara siku 26 inarudi kuwa 195 ileile. Kwa kugawanya kwa 234, kiwanda kinahesabu kana kwamba wiki yako ya kawaida ina saa 54, na kila saa yako ya ziada inapungua shilingi 750.

Kuna jambo jingine kuhusu saa hizo ambalo hati yako haionyeshi hata kidogo. Kisheria usiku unaanza saa 2:00 usiku na kwisha saa 12:00 asubuhi, na kila saa inayofanyiwa kazi ndani ya muda huo ina nyongeza isiyopungua asilimia 5. Ikiwa saa hiyo ni ya ziada pia, asilimia 5 inahesabiwa juu ya kiwango cha ovataimu, ambacho kwako ni 4,500, kwa hiyo nyongeza ni shilingi 225 kwa saa. Umesema mnabaki hadi usiku bila kutaja mnatoka saa ngapi. Angalia daftari la mahudhurio, uhesabu ni saa ngapi kati ya zile 20 zilivuka saa 2:00 usiku, na kama zipo, udai mstari wake. Nitaiacha nje ya hesabu zinazofuata kwa sababu inategemea daftari ambalo mimi sijaliona. Kama saa yoyote iliangukia siku yako ya mapumziko ya wiki au sikukuu ya kitaifa, hiyo ni ya kulipwa mara mbili, si mara moja na nusu.

Mapato yako ghafi yaliyo sahihi, basi, ni 585,000 na 90,000 na 60,000 na 90,000, yaani 825,000. NSSF kwa mfanyakazi wa sekta binafsi ni asilimia 20 ya mshahara ghafi, na sehemu ya mfanyakazi haizidi asilimia 10. Kiwanda kimekata asilimia 10 ya 810,000, ambayo ni 81,000, na kwa namba walizokuwa nazo hawakukosea. Ovataimu ikirekebishwa, NSSF yako nayo itapanda kuwa 82,500. Usiikatae nyongeza hiyo ya shilingi 1,500, kwa kuwa ni akiba yako, na mwajiri anapaswa kuweka kiasi kama hicho upande wake.

Kosa la pili, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, liko kwenye PAYE. Kodi hii haihesabiwi juu ya mapato ghafi. Mchango wa mfanyakazi kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii hutolewa kwanza, na kinachobaki ndicho kinachopelekwa kwenye jedwali la TRA. Kwa Tanzania Bara jedwali hilo linasema hivi: shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi; kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8; kutoka 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20; kutoka 760,000 hadi 1,000,000 ni asilimia 25; na kinachozidi milioni moja ni asilimia 30. Kila asilimia inagusa fedha zilizo ndani ya ngazi yake tu. Aliyefika ngazi ya juu haachi kulipia ngazi za chini kwa viwango vyake vya chini, na hapo ndipo wenzako walipopotoka. Mtu ambaye mapato yake ya kutozwa kodi ni 761,000 analipa asilimia 25 juu ya shilingi 1,000 ile moja iliyozidi, wala si juu ya 761,000 nzima.

Wewe hata kwenye ngazi hiyo hukutakiwa kufika. Toa 82,500 kwenye 825,000, inabaki 742,500. Sehemu iliyo kati ya 270,000 na 520,000 ni 250,000, na asilimia 8 yake ni 20,000. Sehemu iliyozidi 520,000 ni 222,500, na asilimia 20 yake ni 44,500. Kodi yako ni 64,500.

Wao wamekata 80,500, kwa hiyo tuifuate nyuma kama tulivyofanya mwanzo. Kodi ya mtu aliyefika 760,000 kamili ni 20,000 ya ngazi ya kwanza na 48,000 ya ngazi ya pili, jumla 68,000. Toa 68,000 kwenye 80,500, inabaki 12,500. Hiyo ni asilimia 25 ya 50,000, na 760,000 ukijumlisha 50,000 ni 810,000. Kwa maneno mengine, mfumo umechukua mapato ghafi yote na kuyapeleka kwenye jedwali la kodi bila kuondoa NSSF. Hata kwa namba zao wenyewe, wangeondoa ile 81,000 wangebaki na 729,000, na kodi ingekuwa 61,800. Kosa hili hutokea mara nyingi pale kiwanda kinapobadilisha programu ya mishahara, kwa sababu mchango wa NSSF unapoingizwa upya lazima uwekewe alama kwamba unatolewa kabla ya kodi. Alama hiyo ikisahaulika, mchango unakatwa kama deni la duka, baada ya kodi, na wafanyakazi wote wa kiwanda wanalipa kodi juu ya fedha ambazo hawajazipokea. Waulize wenzako wa zamu. Nina hakika kubwa utakuta hati zao zina kasoro hiyohiyo.

Kuna dalili rahisi ya kulitambua kosa hili hata pale ambapo hakuna ovataimu, na hati yako ya mwezi wa kabla yake inatosha kuionyesha. Mapato ghafi yalikuwa 735,000 na NSSF 73,500. Nimerudi nyuma kutoka ile 564,825 uliyopokea, na inatimia tu ikiwa walikukata PAYE ya 63,000, ambayo ndiyo kodi ya 735,000 nzima. Iliyostahili ni kodi ya 661,500, yaani 48,300. Tofauti ni 14,700, na 14,700 ni asilimia 20 kamili ya ile NSSF ya 73,500. Mtu akiona kwamba kodi iliyozidi ni sawa na mchango wake wa NSSF mara asilimia ya ngazi aliyomo, ajue kwamba mchango haukuondolewa. Kwa mwezi wako wa ovataimu uwiano huo hauonekani waziwazi, kwa kuwa kosa lilikuvusha mpaka wa 760,000 na sehemu moja ya ziada ikatozwa asilimia 20, nyingine asilimia 25.

WCF ni kosa la tatu, na ni fupi. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni wa mwajiri peke yake. Kiwango chake ni asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa, na 4,050 ni asilimia 0.5 ya 810,000, kwa hiyo hakuna shaka kwamba mzigo wa mwajiri umehamishiwa kwenye upande wako wa makato. Mstari huu ni wa kufutwa wote, wala si wa kupunguzwa. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, inayoandikwa SDL, nayo ni ya mwajiri, na ukiiona siku moja kwenye makato yako jibu ni hilohilo. Saccos ni tofauti: hiyo si ya kisheria, lakini ni halali ikiwa ulisaini fomu ya kukubali kukatwa, na kiasi kiwe kile kilichoandikwa kwenye fomu.

Tukikusanya yote, mapato ghafi 825,000 yanaondolewa NSSF 82,500, PAYE 64,500 na Saccos 30,000, na mkononi inabaki 648,000. Ulipokea 614,450. Umepungukiwa shilingi 33,550 kwa mwezi huo mmoja. Usizidishe namba hiyo kwa idadi ya miezi iliyopita, kwa sababu PAYE inahesabiwa mwezi kwa mwezi na saa zako za ziada hubadilika. Kwa mwezi usio na ovataimu upungufu ni ile kodi ya 14,700 pamoja na WCF ya 3,675, jumla 18,375. Kila mwezi uuandikie karatasi yake.

Kuhusu swali lako la kuacha ovataimu, jibu liko kwenye tofauti ya miezi miwili iliyohesabiwa sawasawa. Bila saa za ziada ulistahili kupokea 583,200, na pamoja nazo 648,000. Saa 20 zilipaswa kukuongezea 64,800, yaani shilingi 3,240 mkononi kwa kila saa, na nyingine 450 kwa kila saa zikiingia kwenye akaunti yako ya NSSF. Kodi halisi ya kila saa ni 810 tu. Kwa hiyo ukitaka kuacha, uache kwa sababu ya uchovu au watoto nyumbani, lakini usiache kwa sababu ya kodi, kwa kuwa kilichokula jasho lako ni kigawanyo cha 234 na alama iliyosahaulika kwenye programu.

Sasa nenda kwa mhasibu wa mishahara ukiwa na hati, mkataba, nakala ya mahudhurio na karatasi moja yenye mistari mitatu tu: ovataimu imegawanywa kwa 234 badala ya 195, PAYE imehesabiwa juu ya 810,000 kabla ya kuondoa NSSF, WCF imekatwa kwa mfanyakazi. Usianze na neno wizi, kwa sababu namba zako zinatosha, na mtu aliyekosea kwa kutojua atarekebisha haraka zaidi kuliko aliyetuhumiwa. Peleka pia barua fupi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa au kusainiwa na tarehe. Mwajiri ndiye aliyewasilisha PAYE kwa TRA, kwa hiyo marekebisho yanaanzia kwake. Asikuambie uende ukadai mwenyewe.

Wakati unasubiri, omba taarifa ya michango yako NSSF, ofisini kwao hapa Mwanza. Hati yenye makato ya 81,000 inapaswa kuonekana kule kama 162,000, yako na ya mwajiri pamoja. Ikionekana nusu yake, au mwezi mzima haupo, una jambo zito zaidi ya haya matatu, nalo uliripoti NSSF moja kwa moja.

Barua isipojibiwa, usiiache ilale. Madai ya aina hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambayo ina ofisi Mwanza, na muda wa kuyafungua ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Ziandike siku hizo kwenye kalenda kuanzia tarehe ya mshahara wa mwezi uliopita, wala usizihesabu kuanzia siku afisa utumishi atakapokuambia kwamba bado anafuatilia.